Barafu ya maji na barafu kavu: mstari mmoja, mielekeo miwili

Chora halijoto kwenye mhimili wa chini na shinikizo kwenye mhimili wa wima. Kwa barafu kavu, yaani kabonidayoksaidi iliyoganda, mstari unaotenganisha yabisi na kimiminika hupanda ukiegemea kulia: ukiikandamiza, itahitaji joto zaidi ili iyeyuke. Vitu vingi viko hivyo. Mstari wa barafu ya maji huegemea kushoto.

Sababu ni ujazo. Yabisi ya kabonidayoksaidi huzama katika kimiminika chake, kwa hiyo shinikizo huipendelea yabisi, iliyobanana zaidi. Barafu ya maji huelea: kilo moja hujaza karibu lita 1.09, lakini ikiyeyuka hubaki lita moja tu. Ukiibana, kuyeyuka ndiyo njia yake ya kupungua.

Lakini mstari wa maji ni mkali mno, karibu wima. Kushusha kiwango cha kuyeyuka kwa digrii 1 tu kunahitaji takriban mara 133 ya shinikizo la hewa. Mtu wa kilo 60 akisimama kwenye kiatu cha kutelezea barafuni, chenye chuma cha sentimita za mraba 6, anaongeza kama mara 10 tu ya shinikizo la hewa, yaani anashusha digrii 0.08 hivi. Kwa hiyo ile hadithi kwamba uzito wake huyeyusha barafu chini ya chuma na ndio unaomtelezesha haisimami kwenye barafu ya nyuzi −5.

Tena mwegemeo huo una mwisho: karibu nyuzi −22, barafu hujipanga upya na mstari hugeukia kulia.