Miezi mitatu ya kulenga kwa jairo: nilikosea kitufe, si padi

Natumia padi ya PS4 kwenye kompyuta, kupitia Steam, na kwa muda mrefu sikujua kama ndani yake kuna jairo, yaani kile kisensa kinachohisi padi inavyogeuzwa mkononi. Nilipoiwasha mara ya kwanza niliizima baada ya dakika kumi. Niliiacha ifanye kazi muda wote, kwa hiyo kila nilipokohoa au kujiegemeza kwenye kochi, kamera nayo ilikohoa.

Tatizo lilikuwa kitufe. Nikaiweka kwenye L2, kitufe kilekile cha kulenga: nikikibonyeza jairo inaamka, nikikiachia inalala. Faida yake kubwa ni kwamba mikono ikipinda sana unaachia L2, unairudisha padi sawa, unabonyeza tena. Ni kama kuinua mausi mezani ikifika ukingoni. Kasoro ni pale adui anapotokea ghafla puani, ukafyatua bila kulenga. Hapo umebaki na analogi peke yake, kile kijiti cha kidole gumba. Nilijaribu pia kuiwasha kwa kugusa tachipadi, lakini kidole gumba kikienda huko kinaiacha analogi ya kulia, na analogi naihitaji.

Naihitaji kwa sababu kazi zimegawanyika. Analogi inanigeuza kumtazama adui, jairo inamalizia zile nyuzi chache za mwisho hadi kichwani. Ukitaka jairo ifanye yote utavunjika kiwiko.

Kwenye sensitiviti, kipimo cha 1 maana yake ukigeuza padi nyuzi 10, kamera nayo inageuka nyuzi 10, ilimradi umeshaoanisha kasi ya mausi ya gemu na mpangilio wa Steam. Kwangu 1 ilikuwa nzito. Nikapanda hadi 5, nikaona alama ya kulengea inatetemeka kila nikivuta R2, kwa sababu kidole kinapovuta kinaisukuma padi kidogo. Nikashuka taratibu huku nikilenga taa moja ya mbali, hadi mtetemo ukaisha. Nimetulia kwenye 3: nyuzi 30 za mkono zinanipa 90 kwenye skrini.

Kilichonikera zaidi ni kuchanganya `Gyro to Mouse`, yaani jairo kujifanya mausi, na analogi ya kawaida. Gemu moja lilidhani nimebadilisha kifaa kila sekunde: alama za vitufe zikawa zinarukaruka kati ya padi na kibodi, na kamera ikakwama. Dawa ilikuwa kuifanya analogi ya kulia nayo itume mausi. Nikapoteza ule msaada wa kulenga ambao gemu huwapa wenye padi, na wiki ya kwanza nilipigwa vibaya sana.

Na kamera ikianza kutambaa yenyewe, iweke padi mezani uiache. Ikiendelea kutambaa, si mkono wako; fanya kalibresheni upya ikiwa hapohapo mezani.