Makato ya kila Jumamosi: nilivyoyakamata kwenye historia ya Play Store

Nina steshenari ndogo hapa Dodoma, pale Area C. Wateja wangu wengi ni vijana wanaoomba kazi serikalini, wanaleta vyeti niviskani, niviweke kwenye PDF, wavipandishe kwenye Ajira Portal. Kadi ya benki ya duka nimeiunganisha na Play Store kwenye simu ya kazi. Kwa muda mrefu nikawa naona salio linapungua, nikadhani ni makato ya benki. Jumamosi moja nikiwa nataka kulipia karatasi, ujumbe wa benki ukaingia: shilingi 9,900 zimetoka. Nikapandisha juu ujumbe wa zamani. Kiasi kilekile, kila Jumamosi, tena karibu saa ileile.

Nikaomba taarifa ya benki. Kwenye maelezo ya muamala palikuwa na neno GOOGLE, nyota, kisha jina ambalo sikulijua kabisa. Jambo hili linawapotosha watu wengi: jina linalotokea pale linaweza kuwa la kampuni iliyotengeneza programu, si la programu yenyewe. Ukilitafuta kwenye simu yako hutaliona.

Nikafungua Play Store, nikagusa picha ya wasifu juu kulia, nikaingia Payments & subscriptions, halafu Subscriptions. Hakuna kitu. Hapo ndipo nilipopoteza karibu saa nzima, nikiamini kadi imeibwa.

Kumbe simu ile ina akaunti mbili, yangu na ya duka, na orodha ile huonyesha usajili wa akaunti iliyo wazi wakati huo tu. Nikagusa tena picha ya wasifu, nikahamia akaunti ya duka, nikarudia njia ileile. Ikatokea: programu ya kuskani, shilingi 9,900 kwa wiki, na tarehe ya makato yajayo.

Nikamwita mdogo wangu anayenisaidia dukani. "Dada, ile niliiondoa siku nyingi," akasema, na kweli alikuwa ameiondoa. Alichukua siku tatu za majaribio ya bure siku ya Jumatano, akaona haimfai, akaifuta kwenye simu. Lakini kuondoa programu hakusitishi usajili. Usajili uko kwenye akaunti, si ndani ya simu, na majaribio yakiisha bila kusitishwa makato yanaanza yenyewe. Simlaumu, ule ukurasa wa majaribio uliandika BURE kwa herufi kubwa, na bei ya wiki kwa herufi ambazo mimi mwenyewe nilizisoma kwa shida. Kwa hilo nawakasirikia waliotengeneza programu ile.

Nilitaka kujua imechukua kiasi gani. Budget & history ina orodha ya manunuzi na tarehe zake, lakini kilichonisaidia zaidi ni risiti zilizolala kwenye barua pepe ya duka, ambayo hatuifungui. Kila risiti ina namba ya oda inayoanza na GPA. Oda ya kwanza, ile ya majaribio, ni namba tupu. Kila usajili unapojirudia, namba ni ileile lakini mwishoni zinaongezwa nukta mbili na tarakimu, hivi:

```
GPA.1234-5678-9012-34567
GPA.1234-5678-9012-34567..0
GPA.1234-5678-9012-34567..1
```

Risiti ya Jumamosi ile iliishia na ..10. Kwa kuwa hesabu inaanzia sifuri, hayo ni makato 11, jumla shilingi 108,900. Nikazihesabu na meseji za benki, zikalingana.

Nilianza kwa kusitisha, kwa kitufe cha Cancel subscription, kwa sababu kusitisha na kurudishiwa pesa ni mambo mawili. Ukisitisha tu, unabaki na huduma hadi kipindi ulicholipia kiishe. Halafu nikaomba marejesho kupitia historia ya oda kwenye tovuti ya Google Play, Report a problem. Kwa kawaida njia hiyo ni ya ndani ya saa 48 tangu kununua. Zaidi ya hapo unaelekezwa kwa mtengenezaji. Makato ya asubuhi ile yalikuwa bado mabichi, nikarudishiwa 9,900 kwenye kadi siku chache baadaye. Kwa yale kumi ya nyuma nilimwandikia mtengenezaji mara mbili, nikiweka namba zote za oda. Hajajibu. Shilingi 99,000 kwa duka kama langu ni rimu kadhaa za karatasi.

Skrini yenyewe naiamini: ukiwa kwenye akaunti sahihi, kila kitu kipo. Ila kile kipengele cha bajeti kisikupe usingizi, kinakuonya tu ukikaribia kiasi ulichoweka, hakizuii makato. Mimi nimeitoa kadi ya duka kwenye Payment methods, na Jumamosi iliyofuata hakuna ujumbe wa benki ulioingia.