Akaunti ya msaidizi wa mauzo: mfumo upi unaficha bei ya kununulia na namba za wateja?

Msaidizi wangu wa kwanza alikuwa kijana mwaminifu, tena mchangamfu. Siku moja mteja alimkaba kwenye bei ya kava la simu, naye akamjibu kwa nia njema kabisa: "Hapo siwezi kushuka, sisi wenyewe tunalinunua 620." Hakuiba kitu. Namba ilikuwa mbele ya macho yake kwenye skrini ya bidhaa, akaitumia kama hoja.

Tangu hapo, ninapokagua mfumo wa duka la mtandaoni siulizi kama una akaunti za wafanyakazi, maana karibu yote inazo. Nauliza ruhusa zake zinaishia wapi. Mifumo mingi hufunga ukurasa mzima: ama unaona ukurasa wa bidhaa na kila kilichomo, ama huuoni kabisa. Michache hufunga kisanduku kimoja ndani ya ukurasa, na bei ya kununulia ni kisanduku kimoja tu.

1. Shopify

Naiweka ya kwanza kwa msaidizi wa saa chache. Katika ruhusa za bidhaa, kuona gharama ni ruhusa inayojitegemea. Msaidizi anafungua bidhaa, anaona picha, bei ya kuuzia na idadi iliyobaki, ila gharama haioni. Ruhusa ya wateja nayo iko peke yake, na ya kuhamisha data nje vilevile.

Tatizo liko kwenye oda. Ukimnyima mtu orodha ya wateja lakini ukamruhusu kufungua oda, ataona jina, anwani na namba za kila aliyenunua, oda moja baada ya nyingine. Hili si la Shopify peke yake. Oda bila anwani haitumiki, kwa hiyo mifumo huviweka pamoja.

Njia ninayoipenda ni kumnyima oda kabisa na kumpa rasimu za oda, ambazo zina ruhusa yake. Tuseme mteja anataka makava mawili na kioo kimoja cha kulinda simu. Msaidizi anaunda rasimu, anaweka vitu hivyo vitatu, sehemu ya mteja anaiacha tupu, kisha ananakili kiungo cha malipo na kumtumia mteja. Mteja ndiye anayejaza jina, namba na anwani yake, halafu analipa. Oda inaingia kwako, na wewe ndiye unayetoa lebo ya mzigo. Msaidizi ameuza bila kugusa taarifa hizo.

Mnyime pia ripoti na programu za ziada. Ripoti inayoonyesha mauzo ya 1,000 na faida ya 380 imeshataja bei ya kununulia, ni 620, hata kama kisanduku chenyewe kimefungwa. Programu ya ziada nayo huwa na skrini zake, na inaweza kuonyesha ulichokificha kwingine. Kabla ya kulipia, angalia kifurushi chako kinaruhusu akaunti ngapi za wafanyakazi. Vifurushi vya chini hubana sana hapo, na ndipo watu wanaposhawishika kugawana nywila.

2. Odoo

Ina nguvu kuliko Shopify, ila inataka mtu anayeijua. Bila kubadilisha chochote, gharama ya bidhaa, uga unaoitwa `standard_price`, inaonekana kwa kila mtumiaji wa ndani. Uga huo unaweza kufungiwa kundi la watumiaji unalolichagua, na ukifanywa vizuri unafungika kwelikweli.

Muulize fundi wako swali moja: umeufunga kwenye modeli, yaani kwenye data yenyewe, au umeuondoa kwenye skrini tu? Uga ulioondolewa kwenye skrini bado unaweza kuchaguliwa mtu anapohamisha orodha ya bidhaa kwenda kwenye faili. Kwa hiyo mwondolee msaidizi na haki ya kuhamisha data, ambayo ina kundi lake.

Upande wa wateja usidanganyike na ngazi ya mauzo ya `User: Own Documents Only`. Inamzuia kuona oda za wenzake, lakini kitabu cha anwani kinabaki wazi mpaka uweke kanuni yake. Kwa duka la msaidizi mmoja naona ni kazi kubwa mno. Kwa duka lenye wasaidizi sita na ghala, ningeiweka ya kwanza.

3. WooCommerce

Watu hukosea dakika ya kwanza: wanampa msaidizi jukumu la `Shop manager`, kwa kuwa jina linafanana na kazi. Jukumu hilo linaona oda zote, wateja wote na ripoti zote. Unaweza kuunda jukumu lako dogo kwa WP-CLI, zana ya kuandikia amri ya WordPress:

```
wp role create msaidizi "Msaidizi"
wp cap add msaidizi read view_admin_dashboard edit_products
```

Hapo hana oda wala ripoti. Lakini ruhusa za bidhaa zinafunga ukurasa, hazifungi kisanduku, kwa hiyo gharama ikihifadhiwa kwenye bidhaa anayoweza kuihariri, ataiona. Zipo programu-jalizi zinazoificha kwa mtindo wa ukurasa tu. Hizo zinaificha machoni, lakini namba inabaki kwenye msimbo wa ukurasa, na anayejua kubofya kitufe cha kulia cha kipanya ataifikia.

Ushauri wangu kwa WooCommerce ni kutoweka bei ya kununulia dukani kabisa. Iweke kwenye lahajedwali yako, ukitumia msimbo wa bidhaa kama kiunganishi, na usimshirikishe mtu faili hilo. Kuficha safu ya gharama kwenye Google Sheets kisha ukagawa faili hakusaidii: anayeruhusiwa kunakili hutengeneza nakala yake na kuifichua. Hata `IMPORTRANGE`, fomula ya kuvuta data kutoka faili jingine, ina mtego wake. Ukishaidhinisha muunganiko, yeyote anayehariri faili la pili anaweza kubadilisha fomula ivute safu nyingine kutoka faili lako.

4. PrestaShop

Ni mfumo mzuri kwa mambo mengine. Ruhusa zake zimepangwa kwa kurasa: kuona, kuongeza, kuhariri, kufuta. Msaidizi akiingia kwenye bidhaa, ameingia na kwenye gharama. Dawa ni ileile ya lahajedwali.

Ya mwisho: simu moja na nywila moja

WhatsApp Business kwenye vifaa vilivyounganishwa ni rahisi kuanzia, lakini kila kifaa kinaona mazungumzo na namba zote. Hata ukiwa na mpangilio mzuri wa Shopify, mteja akija kwa WhatsApp msaidizi ameshaipata namba yake. Kama hilo linakukera, mpe msaidizi gumzo la kwenye tovuti, wewe baki na simu.

Kabla ya kulipa

Chukua kipindi cha majaribio, tengeneza akaunti ya msaidizi kwa barua pepe yako ya pili, na uingie nayo kwenye dirisha la faragha. Weka bidhaa moja yenye gharama ya ajabu, mfano 617.43, na mteja bandia mwenye jina lisilosahaulika. Kisha vitafute kama mtu mwenye udadisi: kwenye sehemu ya kutafuta, kwenye bidhaa, kwenye faili la kuhamisha data, kwenye rasimu iliyokwisha kulipwa, na kwenye programu ya simu. Fungua na kikasha cha barua pepe hiyo ya pili. Mara nyingi taarifa ya "oda mpya" huenda kwa kila mfanyakazi aliyeandikishwa kuipokea, ikiwa na jina, anwani na namba ya mteja, bila hata kuingia dukani.