RAM ya kompyuta ya gemu: ipi inunuliwe kwanza

Kijana mmoja wa Soweto, hapa Mbeya, aliniletea kompyuta yenye prosesa ya Ryzen 5 3600 na mazabodi ya B450. Kadi ya grafiki haikuwa na shida, ila gemu lilikwama kila alipoingia penye watu wengi. Ndani nilikuta RAM moja tu, DDR4 ya GB 8, kasi 2666. Nitapanga machaguo kwa mashine hiyo hiyo, kuanzia ninaloliona bora.

Kwanza ujue ulichonacho. Fungua Task Manager, ingia Performance, halafu Memory: utaona Speed na Slots used. Aina ya RAM isome kwenye lebo yake. DDR4 haikai kwenye sloti ya DDR5 kwa sababu mkato wake uko sehemu tofauti, kwa hiyo ikigoma usiisukume. Soketi ya AM4, kama ya kijana huyu, inatumia DDR4, na AM5 ni DDR5 tu. Wenye Intel ya LGA1700 wawe makini zaidi, maana mazabodi zake ziko za DDR4 na za DDR5 zenye majina yanayokaribiana sana.

Namba moja ni jozi ya GB 8 mbili, DDR4-3200 CL16, zilizotoka pakiti moja. Zikiwa mbili, prosesa inazisoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na kukwama kwa kijana huyu kulitokana na njia moja pamoja na GB 8 kujaa. Hiyo CL usiipuuze. Zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa kasi, utapata muda wa kusubiri: CL16 kwa 3200 ni nanosekunde 10, CL22 kwa 3200 hiyo hiyo ni 13.75. Dukani zote zitaitwa "3200". RAM ya zamani iuze, usiichanganye humo.

Namba mbili ni jozi ya GB 16 mbili, kwa anayecheza huku anarekodi na brauza iko wazi. Nimeishusha kwa sababu ya bei tu.

Namba tatu ni kuongeza GB 8 moja kando ya ile ya zamani. Njia mbili utapata, lakini zote zitakwenda kwa kasi ya iliyo taratibu, yaani 2666, na chapa tofauti wakati mwingine hazielewani. Mfuko ukibana, inavumilika.

Ya mwisho ni GB 16 moja peke yake: inaongeza nafasi, lakini njia inabaki moja.

RAM za seva za bei ya kutupa siziweki hata kwenye orodha. Mteja wangu mmoja aliagiza Dar, zikaja na basi la usiku, mashine ikakataa kuwaka. Kwenye lebo kama PC4-2400T-U, tazama herufi ya mwisho: U ni ya kompyuta ya mezani, S ya laptop, R ya seva.

Kijana alichukua namba moja. Tulizipachika sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, tukawasha, Task Manager ikaandika 2400. Akanuna, akidhani kauziwa feki. Hakuibiwa: RAM huanza na kasi ya tahadhari mpaka uiamuru. Washa upya huku ukibonyeza Delete uingie BIOS, tafuta XMP (bodi nyingine huandika A-XMP au DOCP, na za AMD zenye DDR5 huandika EXPO), chagua Profile 1, hifadhi kwa F10. Mashine inaweza kuzima na kuwaka mara mbili tatu yenyewe, iache. Ikibaki giza, chomoa umeme, toa ile betri ya duara dakika chache, anza tena. Ikiwaka lakini inaleta skrini ya bluu ya MEMORY_MANAGEMENT, shusha kasi mpaka 2933 uone kama itatulia. Kompyuta za ofisini zilizotumika, zile ndogo tunazogeuza za gemu, kwa kawaida hazina XMP kabisa, basi usizinunulie RAM ya kasi ya gharama.

Yake ilisoma 3200. Programu ya CPU-Z ikamtisha tena kwa kuandika 1600, lakini ile huonyesha nusu.

Wiki mbili baadaye akarudi: kasi imeshuka 2400. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na betri ya bodi, CR2032, ilikuwa imeisha, hivyo BIOS ikasahau mipangilio yote. Tukaweka betri mpya, tukawasha XMP tena, na hajarudi.