TAHADHARI: Anayeuza "kifurushi cha Canvas" na kuomba umweke Admin kwenye Spotify for Artists

Wakuu, salaam. Naandika hili kwa wasanii wachanga na wale tunaowasimamia, maana yaliyomkuta mdogo wangu yanaendelea kuwakuta wengine na ushahidi ninao.

Mdogo wangu anaimba na kupiga gitaa, tuko Tanga. Mwezi wa tatu alitoa wimbo wake wa pili. Siku chache baadaye akapokea ujumbe Instagram kutoka kwa mtu anayejiita mbunifu wa picha za wasanii. Alisifia wimbo vizuri tu, akataja hadi mstari wa pili wa kiitikio, kisha akasema profaili yake Spotify "imekaa uchi". Akampa bei ya kifurushi: Canvas moja, picha mpya ya profaili, na kupangiwa Artist Pick, vyote shilingi 85,000. Mdogo wangu akaniletea nimlipie, nami nikalipa. Jina lililotokea kwenye simu wakati wa kuthibitisha malipo halikufanana kabisa na jina la biashara. Nililiona, nikajiambia labda ni laini ya mke wake. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama.

Kwa asiyejua, Canvas ni ile video fupi inayojirudiarudia mahali pa kava pale unapocheza wimbo Spotify kwenye simu. Ni ya wima, urefu wake ni kati ya sekunde 3 na 8, na haina sauti yake yenyewe kwa sababu kinachosikika ni wimbo. Artist Pick ni kitu ambacho msanii anakibandika kwenye profaili yake ili watu wakione kabla ya vingine: wimbo, albamu, orodha ya nyimbo au tamasha. Vyote hivi, pamoja na picha ya profaili, msanii anaviweka mwenyewe ndani ya Spotify for Artists, sehemu ya Spotify ambako msanii anasimamia profaili yake, na Spotify haitozi hata shilingi. Kwa hiyo kitu pekee unachoweza kumlipa mtu kihalali ni kazi ya kutengeneza video au picha. Kuipandisha ni kazi ya dakika tano.

Yule bwana hakutaka kutuma faili. Alisema Canvas "haipandi" mpaka yeye awe Admin, tena akasisitiza kuwa Editor haitoshi. Huo ni uongo, na ndio mlango aliopitia. Kwenye ukurasa wa `Team` kuna ngazi tatu. Reader anaangalia takwimu tu. Editor anaweza kupandisha Canvas, kubadilisha picha na kuweka Artist Pick. Admin anafanya hayo yote, na juu yake anaingiza na kuondoa watu. Mtu anayekuja kukuwekea video hana sababu yoyote ya kuwa na uwezo wa kukufukuza kwenye nyumba yako. Mdogo wangu hakujua tofauti hiyo, akamwalika kama Admin saa mbili usiku.

Kesho yake asubuhi Canvas ilikuwepo. Mawimbi ya bahari rangi ya zambarau, mwanamke amesimama kwa mgongo, nywele zinapeperuka. Kwa haraka ilipendeza, mama akaita majirani waione. Mimi niliitazama mara ya tatu na ya nne nikaona mambo mawili. Kwanza, kila baada ya sekunde saba hivi wimbi lilikuwa linaruka, yaani linakatika likiwa juu na kuanza tena likiwa chini. Aliyetengeneza video ya kujirudia kwa mikono yake huhakikisha picha ya mwisho inakutana na ya kwanza. Aliyekata kipande kwenye video ndefu ya mtu mwingine hana nafasi hiyo. Pili, pembeni chini kulia palikuwa na doa la ukungu, mraba mdogo kama ukubwa wa ukucha, lisilosogea wakati kila kitu kingine kinasogea. Hiyo ni alama ya mwenye kazi iliyofutwa kwa kufifishwa. Nikapiga picha ya skrini, nikaitafuta kwa Google Lens, na video kamili ikatokea kwenye ukurasa wa mchoraji wa nje, ina jina lake palepale penye doa.

Hili si dogo. Unapopandisha Canvas unakubali kwamba una haki ya kutumia picha hizo. Mwenye kazi akilalamika, inaondolewa, na jina linaloonekana kwenye malalamiko ni la msanii, si la yule aliyelipwa. Tulimwandikia yule bwana aitoe. Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu mdogo wangu akajaribu kuingia aitoe mwenyewe, akakuta hayumo tena kwenye timu ya profaili yake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Picha ya profaili ikabadilishwa ikawa bango lenye maneno ya biashara yake. Artist Pick, badala ya wimbo mpya wa mdogo wangu, ikawa wimbo wa msanii tusiyemfahamu kabisa. Kila anayefungua profaili ya mdogo wangu anakutana kwanza na wimbo wa mtu mwingine, na inaonekana kama yeye ndiye anayeupendekeza. Nilianza kupitia profaili za wasanii ambao yule bwana alikuwa anawaonyesha kama wateja wake. Mbili kati ya hizo zilikuwa zimebandikwa wimbo uleule. Kwa hiyo biashara yake kamili ni hii: anakuuzia Canvas ya kuiba, anachukua profaili, kisha anauza nafasi ya Artist Pick yako kwa mtu wa tatu, ambaye huenda naye anadhani analipia matangazo halali. Halafu akatuandikia anataka 200,000 ili "aturudishie funguo".

Hatukulipa. Tulichofanya ni kuwaandikia watu wa msaada kupitia artists.spotify.com, na kilichotusaidia ni kwamba kila kitu kinachothibitisha umiliki kilikuwa mikononi mwetu: akaunti ya msambazaji aliyepeleka wimbo Spotify ilikuwa kwa barua pepe ya mdogo wangu, kurasa zake za mitandao zilikuwa zake, na mazungumzo yote na yule bwana tulikuwa tumeyahifadhi. Laiti angekuwa pia amempa yule bwana akaunti ya msambazaji, sijui tungeshika wapi. Siku ya kumi na moja akarudishwa kuwa Admin. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwondoa yule bwana, pamoja na jina jingine la ajabu ambalo yule bwana alikuwa ameliingiza kama Admin wa pili. Msisahau kuangalia hilo. Ukimwondoa mmoja ukamwacha mwenzake, hujafanya kitu.

Na kama ulishampa mtu paswedi yako kabisa, kumwondoa kwenye `Team` hakutoshi, kwa sababu unaingia Spotify for Artists kwa akaunti yako ileile ya kawaida ya Spotify. Badilisha paswedi, kisha kwenye ukurasa wa akaunti tumia `Sign out everywhere` ili simu na kompyuta zote zilizobaki ndani zitoke.

Namba yake niliituma kwenda 15040, ile ya TCRA ya kuripoti matapeli, na nikaripoti kwa mtandao wa simu. Hela ilikuwa imeshatolewa siku ileile.

Alijaribu pia kutuuzia nyongeza ambayo nashukuru hatukuigusa: "Canvas pamoja na usikilizwaji 10,000" kwa 150,000. Canvas haileti wasikilizaji kwa idadi ya kuahidiwa, hakuna anayeweza kukuhakikishia hivyo. Usikilizwaji wa namna hiyo ni wa roboti. Tangu 2024 Spotify inawatoza wasambazaji na lebo faini kwa wimbo uliobainika kuwa na usikilizwaji bandia wa wazi, na msambazaji anaweza kuipitisha faini hiyo kwako au kuushusha wimbo. Mtu anakuuzia kitu kitakachokufutia wimbo.

Zipo dalili ambazo zingetuokoa kama tungejua kazi yenyewe. Sampuli aliyotuonyesha mwanzo ilikuwa ya sekunde 15, ina sauti na mashairi yanapita. Hiyo haiwezi kuwa Canvas, maana mwisho ni sekunde 8. Mtu akikuonyesha mdomo unaoimba, jua pia hajui anachofanya: Canvas inajizungusha kivyake bila kufuata maneno ya wimbo, hivyo mdomo hautaendana hata kidogo. Na aliposema tuone kazi zake, alituma picha za skrini tu. Picha ya skrini inatengenezwa na yeyote. Mwambie akupe jina la wimbo, uufungue mwenyewe kwenye simu. Usipoiona Canvas, kwanza hakikisha hujaizima kwenye mipangilio ya simu yako na hujawasha kubana matumizi ya data.

Kuna vijana wengi waaminifu wanaofanya kazi hii vizuri na sitaki wakose riziki kwa ajili ya mmoja. Makubaliano na mtu wa kweli yanakuwa hivi: unalipa nusu, anakutumia video ya MP4 ya wima, pikseli 1080 kwa 1920, isiyozidi sekunde 8, pamoja na faili la mradi au picha mbichi alizotumia, ili ujue ni zake. Unaitafuta kwa Google Lens. Ukiridhika unamalizia, unaingia Spotify for Artists, unafungua `Music`, unachagua wimbo, unapandisha mwenyewe kwenye sehemu ya Canvas. Picha ya profaili nayo akupe faili, isipungue pikseli 750 kwa 750, na uso ukae katikati kwa sababu inakatwa duara. Kama ni lazima aingie, mpe Editor na umtoe siku hiyohiyo kazi ikiisha.

Canvas iliyopo sasa kwenye wimbo wa mdogo wangu tuliipiga wenyewe uani. Simu imeegemezwa kwenye ndoo, kanga ya mama iko kwenye kamba, upepo wa jioni unaisukuma. Tulichukua sekunde tatu, tukaziunganisha na zilezile zikirudi kinyumenyume, zikawa sita, na hakuna anayeona pa kuunganishia.

Yule bwana bado yuko. Wiki iliyopita kijana wa Muheza alinitumia ujumbe aliopokea, kifurushi kilekile, bei imeshuka hadi 60,000, namba ni nyingine, lakini sentensi ni ileile neno kwa neno: "profaili yako imekaa uchi, niweke Admin nikuvalishe." Ukiipokea hiyo, usijibu. Na kama ulishamjibu, fungua ukurasa wa `Team` leo uhesabu majina yaliyomo.