Nililipa pango la ardhi kwa kontroo namba ya kiwanja kingine: uzoefu wangu

Nina viwanja viwili mkoani Pwani, vyote kwa jina langu. Mwaka huu pango la kiwanja kidogo lilikuwa shilingi 48,000, la kikubwa 126,000. Nilikuwa na bili zote mbili mkononi. Nikalipa 126,000 kwa simu, kumbe namba niliyoiandika ni ya kiwanja kidogo.

Kabla ya kuweka namba ya siri simu ilinionyesha jina langu, nikaridhika. Lakini jina ni la mwenye bili, na bili zote mbili zilikuwa zangu, kwa hiyo lisingeweza kunionya. Kontroo namba ni ya bili moja, haimfuati mtu. Kuna bili zinazokataa kiasi kisicholingana na deni, ila hii ilikuwa inapokea hata zaidi, ndiyo maana malipo yakapita bila kelele. Nilishtuka siku tatu baadaye, nilipoona kiwanja kikubwa bado kinadaiwa.

Nilipiga kwanza kwa kampuni ya simu, nikapoteza asubuhi nzima. Pesa ikishaingia kwenye akaunti ya serikali, wao hawawezi kuirudisha. Anayeweza kuihamisha ni ofisi iliyotoa bili.

Basi nikaenda ofisi ya ardhi na barua ya ukurasa mmoja. Nilitaja namba za viwanja vyote, kontroo namba zote mbili, tarehe na kiasi, nikaambatisha risiti, nakala za hati na kitambulisho. Dada wa mapokezi akaniambia, "Kaka, andika wazi unataka kiasi gani kihame." Hapo ndipo penye uzito. Kiwanja kidogo nacho kilikuwa na deni lake, na 48,000 zilikuwa zimeshalilipa. Kuhamisha 126,000 zote kungelifufua deni lile. Nikaomba zihame 78,000 zilizozidi, na 48,000 zilizopungua kwenye kikubwa nikazilipa siku hiyohiyo kwa namba sahihi. Niliomba pia malipo yahesabiwe kwa tarehe ya risiti ya kwanza, nisije nikadaiwa nyongeza ya kuchelewa. Nakala ya barua nikaomba igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wahudumu walikuwa waungwana na hawakuniomba chochote. Kasoro yao ni kwamba hakuna aliyenipigia. Siku ya tisa ya kazi nilirudi mwenyewe, nikaambiwa tayari. Nikaomba taarifa ya hesabu ya viwanja vyote viwili, na nashukuru nilifanya hivyo: kwenye kidogo 78,000 zilikuwa zimeshatolewa, kwenye kikubwa hazijaingizwa. Mhasibu alitazama ile nakala yenye muhuri, akazikamilisha nikiwa nimekaa mbele yake. Nimetoka na karatasi mbili, zote zinasoma deni sifuri.