Portrait ya simu yangu: mabega safi, nywele na miwani shida

Dada yangu ana saluni, na kazi ya kupiga picha za wateja wakishamaliza kusukwa ni yangu. Natumia simu ya bei ya kati yenye kamera mbili nyuma, na kwa muda mrefu kila mteja nilikuwa nampiga kwa Portrait, ile hali ya kamera inayofifisha kilicho nyuma ya mtu. Siku hizi naizima zaidi ya ninavyoiwasha. Si kwamba ni mbovu: mtu mwenye nywele fupi au aliyejifunga kilemba anatoka vizuri sana, mabega yamekatwa safi na nyuma kuna ukungu mlaini.

Shida inaanza kwenye afro. Juzi alikaa mteja mwenye afro ya kuchambuliwa, amevaa miwani, na nyuma yake kuna mchongoma wenye majani yanayong'aa kwa jua. Kwenye kioo cha simu picha ilipendeza. Nilipoikuza, afro yake ilikuwa imenyolewa ukingoni: vile vinywele vya nje vinavyoipa umbo vimemezwa na ukungu, imebaki duara kama kofia. Upande wa sikio ilikuwa kinyume, vipande vya majani vimebaki vikali katikati ya nywele wakati majani mengine yote yamefifia.

Sababu yake ni kwamba ukungu huu hautoki kwenye lenzi. Simu inakisia kila sehemu ya picha iko umbali gani, halafu inafifisha kile inachodhani kiko nyuma. Ramani hiyo ya umbali kwa kawaida haina undani wa picha yenyewe, na unywele mmoja ni mwembamba mno kuonekana humo. Juu ya hapo, ukingoni mwa afro doa moja la picha lina unywele na jani kwa pamoja, lakini simu lazima iamue: mbele au nyuma? Rasta na twisti zinazoning'inia zina balaa lake, maana ule uwazi kati ya msuko na msuko mara nyingi huhesabiwa kuwa ni sehemu ya mtu, na ukuta wa nyuma unaonekana hapo bila ukungu wowote.

Miwani ndiyo iliyonishangaza zaidi. Mkono wa miwani ni mwembamba, hivyo mara nyingine unakatika kabla ya kufika sikioni. Lakini tazama ndani ya kioo chenyewe. Miwani ya mtu asiyeona mbali hupunguza ukubwa wa kilicho nyuma yake, kwa hiyo mstari wa shavu ndani ya kioo unaingia ndani kuliko ulivyo nje, na pembeni unabaki ukanda mdogo unaoonyesha mandhari ya nyuma. Simu inaona fremu, inahesabu kila kilicho ndani yake kuwa uso, na ukanda ule unabaki mkali. Kwa mteja yule, jani moja la mchongoma lilisimama wazi ndani ya miwani, na nje ya fremu yote ni ukungu. Ukishaliona hulisahau. Miwani ikiwa na namba ndogo, au mtu akiitazama kamera moja kwa moja badala ya kugeuka nusu, ukanda huo hupungua sana.

Simu yangu inahifadhi taarifa za umbali, kwa hiyo nilifungua Edit nikapandisha namba ya f kutoka 2.8 hadi 8. Ukungu ukapungua na makosa ya nywele yakajificha, ila lile jani bado lilionekana kwa anayejua pa kutazama. Nikazima Portrait kabisa kwenye picha hiyohiyo, na afro ikarudi yote. (Jaribuni simu zenu kwanza kwa picha isiyo na maana, kwa sababu baadhi zinahifadhi nakala yenye ukungu tu na hakuna kurudi nyuma.)

Kisha nikampiga tena kwa kamera ya kawaida, kwa lenzi ya kukuza mara 2. Nilimsogeza mbali na mchongoma, hatua kama 4 hivi, nikarudi nyuma kidogo. Lenzi yenyewe ikatoa ukungu wake, mdogo lakini wa kweli, na kila unywele ukabaki mahali pake. Hiyo ndiyo picha iliyokwenda kwenye ukurasa wa saluni.

Kwa hiyo, nywele zikiwa ndiyo kazi inayouzwa, Portrait inazimwa. Pia naizima nyuma kukiwa na majani, nondo za dirisha au anga jeupe, na kwa watu waliosimama mistari miwili, maana wa nyuma huweza kufifishwa nao. Mbele ya ukuta mtupu siiwashi pia, kwa sababu hakuna cha kufifisha. Bibi harusi mwenye shela ya wavu namwachia mpiga picha mwenye kamera yake kubwa.

Nyota 3 kati ya 5, na zote 3 ni za vilemba.